Picha ilipigwa wapi? Yaliyofichwa ndani ya faili, na sababu za kutoweka kwake

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 31 Julai 2022, wakazi wa mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda, waliamka na kuukuta mji umefurika. Mvua kubwa ya usiku ilikuwa imeifanya mito ya Nabuyonga na Namatala kuvunja kingo zake, na zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Katika janga la namna hiyo picha husambaa kwa simu haraka kuliko habari yenyewe, na kila anayezipokea hujiuliza swali moja: je, hapa ni Mbale kweli, au ni mafuriko ya mahali pengine na ya mwaka mwingine?

Mara nyingine jibu limo ndani ya picha yenyewe. Simu inapopiga picha, huandika pia maelezo mafupi yasiyoonekana, yanayoitwa metadata. Kwa picha za kawaida maelezo hayo hufuata utaratibu uitwao Exif, uliobuniwa nchini Japani katika miaka ya 1990. Humo huandikwa aina ya simu, tarehe na saa, na ikiwa mwenye simu ameruhusu, mahali simu ilipokuwa kwa mujibu wa setilaiti za GPS.

Namna ya kuyasoma

Kwenye simu, fungua picha katika Google Photos, kisha uivute juu ili uone maelezo yake. Kwenye iPhone, gusa alama ya "i". Ikiwa mahali pameandikwa, utaona ramani. Anayetumia kompyuta anaweza kutumia programu isiyolipiwa iitwayo ExifTool, inayoonyesha maandishi yenyewe. Tuchukue mfano wa picha iliyopigwa Mbale siku ile:

```
exiftool -GPSLatitude -GPSLongitude -GPSTimeStamp -DateTimeOriginal picha.jpg

GPS Latitude       : 1 deg 4' 50.00" N
GPS Longitude      : 34 deg 10' 30.00" E
GPS Time Stamp     : 05:20:00
Date/Time Original : 2022:07:31 08:20:00
```

Mstari wa kwanza wa majibu ni latitudo, yaani umbali kutoka ikweta. Wa pili ni longitudo. Vipimo vimeandikwa kwa nyuzi, dakika na sekunde, ilhali ramani nyingi za simu hutumia desimali. Ili kubadili, gawanya dakika kwa 60 na sekunde kwa 3600, kisha ujumlishe: 1 + 4/60 + 50/3600 ni 1.0806. Kwa njia hiyo hiyo longitudo inakuwa 34.1750. Ukiandika 1.0806, 34.1750 kwenye ramani, utafika mjini Mbale.

Wengi hukosea hapa kwa kuziunganisha tarakimu kama zilivyo, wakaandika 1.0450 na 34.1030. Kosa hilo huisogeza picha karibu kilomita 9 kuelekea kusini-magharibi, nje ya mji kabisa, na mtu akadhani kwamba mpiga picha alidanganya.

Kosa la pili ni kuisahau herufi N au S. Uganda inapitiwa na ikweta, kwa hiyo herufi hiyo ina uzito mkubwa. Jinja iko takriban nyuzi 0.42 kaskazini na 33.20 mashariki. Ukiiweka kusini badala ya kaskazini, picha ya chanzo cha Mto Nile itaangukia katikati ya Ziwa Viktoria. Ya Mbale itahamia karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania.

Tazama pia saa mbili zilizoandikwa. Saa ya GPS ni ya kimataifa, na Uganda iko mbele yake kwa saa tatu. Saa 05:20 ya GPS na 08:20 ya simu zinapatana: ilikuwa saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Tofauti isipokuwa saa tatu, huenda saa ya simu haikuwekwa sawasawa, au picha ilipigwa katika nchi yenye majira mengine.

Na kumbuka kwamba vipimo hivi vinaeleza mahali iliposimama simu, si mahali pa kitu kinachoonekana. Aliyesimama mjini akapiga picha majabali ya Wanale atapata vipimo vya mjini.

Kwa nini mara nyingi hakuna kitu

Ukizifanyia jaribio hili picha zilizomo katika simu yako, huenda nyingi zisionyeshe mahali popote. Sababu kubwa ni njia zilizopitia. WhatsApp huibana picha ili iwe nyepesi, na katika kufanya hivyo huiondolea maelezo ya mahali. Facebook na X nazo huyaondoa kwenye nakala zinazoonekana na watu. Jambo hili lina faida yake: bila hivyo, kila anayetuma picha ya mtoto akiwa sebuleni angekuwa anawaelekeza wasiomjua hadi mlangoni pake.

Sababu nyingine huanzia kwenye simu yenyewe. Huenda mwenyewe alizima alama ya mahali katika mipangilio ya kamera, au hakuiruhusu kamera tangu mwanzo. Kamera nyingi zisizo za simu hazina GPS. Ndani ya nyumba simu inaweza kuikosa setilaiti, ikaandika mahali ilipokuwa awali au isiandike chochote. Picha ya skrini nayo ni faili jipya, lisilorithi maelezo ya picha ya kwanza.

Kwa hiyo kukosekana kwa mahali si dalili ya uongo. Na kuwapo kwake si uthibitisho kamili, kwa kuwa maelezo haya yanaweza kubadilishwa kwa programu ile ile inayoyasoma.

Tahadhari pia na jina la faili. Jina kama IMG-20220731-WA0007.jpg linatokana na WhatsApp, na tarehe iliyomo ni ya picha kuingia katika simu hiyo. Picha ya mafuriko ya miaka kumi iliyopita, ikipokelewa leo, itapewa tarehe ya leo.

Yakikosekana, ufanye nini?

Hatua ya kwanza ni kuitafuta picha ya asili. Mwombe aliyekutumia akueleze aliipata kwa nani, hadi umfikie mpigaji. Kisha mwombe aitume kwa WhatsApp akichagua "Document" badala ya picha ya kawaida, au kwa barua pepe. Hapo faili hufika bila kubanwa, pamoja na maelezo yake. Mweleze kwanza kwamba atakuwa anakuonyesha mahali alipokuwa, kwani huenda ni nyumbani kwake.

Mpigaji asipopatikana, yabaki macho. Picha inayosemekana ni ya Mbale itafutwe alama zake: majabali ya Wanale nyuma ya mji, mnara wa saa, majina ya maduka. Jinja lipo daraja linaloning'inia kwa nyaya juu ya Nile, lililofunguliwa Oktoba 2018. Picha inayolionyesha likipitisha magari, huku ikidaiwa kuwa ya mwaka 2015, imejikanusha yenyewe, hata kama haina hata herufi moja ya metadata ndani yake.