Vitenzi Vinne vya Kireno kwa Wiki Mbili

Anayevuka Mto Ruvuma kwa Daraja la Umoja, pale Mtambaswala, anaingia Msumbiji, nchi ambayo lugha yake rasmi ni Kireno. Kimakonde kitamsaidia sokoni, na Kiswahili kinasikika katika pwani ya Cabo Delgado, lakini ofisini anahitaji Kireno. Mfanyabiashara wa Mtwara mwenye wiki mbili kabla ya safari afanye nini? Ashike vitenzi vinne kwa wakati uliopo tu: ser, estar, ter na ir, nusu saa kila siku.

Kila kitenzi kina maumbo mengi, ila manne yanatosha kuanzia: la mimi, la yeye, la sisi na la wao. Umbo la yeye ndilo pia la kumwambia mtu kwa heshima, "senhor" au "você". Lile la "tu", la rafiki wa karibu, linaweza kusubiri. Kukanusha ni rahisi: "não" hutangulia kitenzi, basi.

Siku tatu za kwanza ni za ser: sou, é, somos, são. Hiki ndicho "ni" ya Kiswahili, kinachoeleza mtu ni nani, anatoka wapi, anafanya kazi gani. "Sou de Mtwara", mimi ni wa Mtwara. "Somos comerciantes", sisi ni wafanyabiashara. Saa nazo husemwa kwa ser, na hapa kuna mtego: "são oito horas" za asubuhi ni saa mbili yetu. Aliyeambiwa aje "às oito" akafika saa nane mchana amechelewa kwa saa sita.

Siku ya nne hadi ya nane zote ni za estar: estou, está, estamos, estão. Zimepewa nafasi kubwa kwa sababu wanaoanza hujikwaa zaidi hapa, katika kuchagua kati yake na ser. Mswahili ana njia yake ya kuchagua. Akijisikia kusema "yuko" au "yupo", atumie estar: "Omar está em Pemba" (ile Pemba ya Msumbiji). Akijisikia kutumia "-me-" kwa hali aliyo nayo mtu au kitu, pia estar: nimechoka ni "estou cansado", mwanamke husema "cansada", mlango umefungwa ni "a porta está fechada". Sentensi moja inafaa kurudiwa kila asubuhi mpaka izoeleke: "Sou de Mtwara, mas estou em Pemba."

Njia hiyo ina mipaka yake. Kiswahili husema "mimi ni mgonjwa" hata kwa homa ya jana, lakini Kireno hutaka "estou doente". "Sou doente" husikika kama ugonjwa wa kudumu. Kuhusu bei, "o peixe é caro" ni kwamba samaki ni ghali siku zote, na "o peixe está caro" ni kwamba leo bei imepanda. Muuzaji atasikia tofauti hiyo. Jengo nalo, ingawa sisi husema "soko liko wapi?", kwa kawaida huulizwa kwa kitenzi kingine: "Onde fica o mercado?"

Kosa la matamshi ni rahisi kuligundua. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, lakini "está" hukaziwa mwishoni. Ukikazia mwanzo umesema "esta", yaani hii. Msikilizaji akisubiri jina la kitu badala ya kujibu, mkazo umekwenda pabaya.

Siku ya tisa na ya kumi ni za ter: tenho (hutamkwa karibu na "tenyu"), tem, temos, têm. Hapa Mswahili yuko nyumbani. Nina njaa, "tenho fome". Nina kiu, "tenho sede". Nina miaka thelathini, "tenho trinta anos". Asivuke mpaka tu: nina furaha ni "estou contente".

Ir huchukua siku ya kumi na moja na ya kumi na mbili: vou, vai, vamos, vão. Faida yake ni kwamba kikifuatwa na kitenzi kisichobadilishwa kinatoa wakati ujao. "Amanhã vou comprar peixe", kesho nitanunua samaki. Kati ya "vou" na "comprar" haliwekwi neno lolote.

Siku mbili za mwisho ni za kuchanganya. Mwanafunzi aandike sentensi ishirini za safari yake kwa Kiswahili, azigeuze kwa sauti bila daftari, kisha amsomee mtu anayejua Kireno. Makosa ya ser na estar yakizidi matatu, arudie siku ya nne hadi ya nane kabla ya kugusa wakati uliopita.