Kwa Nini Mfumo Huchelewa Kila Asubuhi

Keshia wa chama kimoja cha akiba na mikopo ninachokihudumia alikuwa ameshazoea. Kila asubuhi huwasha kompyuta, hufungua mfumo wa wanachama, kisha huenda kubandika maji ya chai. Akirudi, ukurasa ndiyo kwanza unatokea. Ukishatokea, basi: kutwa nzima mfumo unakimbia, mpaka watu warudi kutoka chakula cha mchana, hapo unagoma tena mara moja na kuendelea vizuri. Siku nilipofika aliniuliza, "Kaka, huu mfumo unalala wapi hata uchelewe hivi kuamka?"

Swali lake lilikuwa sahihi kabisa. Mfumo ulikuwa unalala, tena kwa mpangilio uliowekwa makusudi.

Kabla yangu, wenzangu walikuwa wamelaumu intaneti, na kifurushi kikaongezwa. Baadaye wakalaumu seva, ikaongezewa RAM. Hali haikubadilika, kwa sababu dalili yenyewe haikufanana na ya mtandao mdogo. Mtandao ukiwa mdogo, kila ukurasa unasuasua. Hapa aliyeumia ni mmoja tu, yule anayefungua wa kwanza baada ya ukimya.

Mfumo ule uliendeshwa na IIS, programu ya Microsoft inayoifanya kompyuta ya Windows iwe seva ya tovuti. Ndani ya IIS kila mfumo hukaa kwenye kundi lake, ambalo kwenye skrini utalikuta chini ya `Application Pools`. Kundi lenyewe ni mipangilio tu. Kazi hufanywa na mchakato unaoitwa `w3wp.exe`, ambao ndio unaobeba mfumo wako kwenye kumbukumbu ya kompyuta na kujibu maombi ya watumiaji. Dakika 20 zikipita bila ombi hata moja, IIS huuzima mchakato huo na kuirudisha RAM yake kwa wengine. Mpangilio huo unaitwa `Idle Time-out (minutes)`, na usipouguse unabaki 20.

Si ubaya wa mtu. Fikiria seva moja yenye tovuti mia mbili za wateja, nyingi zikitembelewa mara mbili tatu kwa siku. Zote zikibaki macho, RAM haitatosha. Ila chama chenye seva yake na mfumo mmoja hakina haja na uchumi huo, na wahudumu wake ndio wanaolipa kwa kusubiri.

Tatizo hili huthibitishwa sehemu mbili. Ya kwanza ni logi za IIS, ambazo kwa kawaida hukaa `C:\inetpub\logs\LogFiles`. Safu ya mwisho, `time-taken`, ni muda wa kujibu ombi kwa milisekunde, na inahesabu pia muda ambao ombi lilisimama kwenye foleni likingoja mchakato uamke. Hii ndiyo mistari miwili ya Jumatatu ile, nikiwa nimepunguza safu nyingine:

```
2024-05-13 04:32:51 GET /Wanachama 200 38412
2024-05-13 04:33:02 GET /Wanachama 200 187
```

Ukurasa uleule, mtu yuleyule: mara ya kwanza zaidi ya sekunde 38, mara ya pili chini ya robo sekunde. Angalia na saa. Logi hizi huandikwa kwa saa za UTC, kwa hiyo 04:32 ni 7:32 ya Afrika Mashariki, yaani saa 1:32 asubuhi kwa kusema kwetu. Nimeona fundi akitafuta tatizo la asubuhi kwenye mistari ya adhuhuri kwa kusahau hizo saa tatu.

Sehemu ya pili ni `Event Viewer`, kwenye logi ya `System`, chanzo `WAS`. Kule nilikuta tukio namba 5186, linalosema wazi kwamba mchakato wa kundi fulani umezimwa kwa kukosa shughuli. Ijumaa ombi la mwisho lilikuwa saa 11:20 jioni. 5186 ikaandikwa saa 11:40. Siku za kazi ilionekana tena wakati wa chakula cha mchana, dakika kama 20 baada ya mtu wa mwisho kuondoka mezani. Hapo sikuhitaji ushahidi mwingine.

Lakini kwa nini kuamka kuchukue sekunde 38? Kuanzisha `w3wp.exe` penyewe ni jambo la muda mfupi. Kinachofuata ndicho kizito: mazingira ya .NET yapakiwe, msimbo utafsiriwe kuwa lugha ya mashine, miunganisho ya hifadhidata ifunguliwe upya, na yote ambayo mfumo ulikuwa umeyaweka karibu yasomwe tena kutoka mwanzo. Katika mfumo huu mwandishi wake alikuwa ameagiza kwamba kila unapoanza, usome orodha nzima ya wanachama na salio zao kabla ya kujibu lolote. Huo peke yake ulikula zaidi ya nusu ya muda. Nalisema hili kwa sababu kuzuia usingizi hakuponyi mwanzo mzito. Kunapunguza tu mara za kuupitia. Sehemu hiyo ya msimbo tuliirekebisha baadaye.

Kuzuia usingizi ni kazi ya dakika moja. Kwenye `IIS Manager` unabofya kundi lako, unafungua `Advanced Settings`, na kwenye `Idle Time-out (minutes)` unaandika 0, maana yake usizimwe kamwe kwa ukimya. Nilifanya hivyo Jumatatu iliyofuata saa 12 asubuhi. Kisha nikaufungua mfumo mwenyewe ili mchakato mpya uanze papo hapo, na nikaondoka nimeridhika.

Jumanne saa 5 asubuhi simu ikaita. Foleni ya wanachama ilikuwa imefika mlangoni, mfumo umeganda kama nusu dakika, na uliporudi ukawataka wahudumu wote waingize nywila upya. Keshia alisema, "Kaka, afadhali ya zamani, ilikuwa inachelewa kabla watu hawajaja."

Hesabu saa. Kutoka Jumatatu saa 12 asubuhi hadi Jumanne saa 5 asubuhi ni saa 29, sawa na dakika 1740. Hiyo ndiyo thamani ya `Regular Time Interval (minutes)`, mpangilio mwingine kabisa, ulio kwenye fungu la `Recycling`. Kazi yake ni kuuondoa mchakato wa zamani na kuleta mpya kila baada ya muda huo, ili mfumo unaovuja kumbukumbu usije ukaimaliza RAM yote. Mhandisi wa Microsoft, Wade Hilmo, ndiye anayetajwa kuwa alipendekeza saa 29: ndiyo namba tasa ndogo kuliko zote zinazozidi 24, hivyo tukio halitaangukia saa ileile kila siku. Kwetu maana yake ni kwamba baada ya Jumanne saa 5 asubuhi lingekuja Jumatano saa 10 jioni, kisha Alhamisi saa 3 usiku, halafu saa 8 usiku wa kuamkia Jumamosi. Linazunguka, na lazima lipite katikati ya kazi.

Mpangilio huo ulikuwapo siku zote, ila haukuwahi kufikiwa. Mchakato uliokuwa ukizimwa kila mchana na kila jioni haukuishi saa 29. Nilipouondolea usingizi, ndipo ukaishi vya kutosha kukutana na kikomo cha pili. Ushahidi wake ni tukio 5074 kwenye logi ileile ya `System`: mchakato umefikia muda wake wa kufanya kazi na unaomba kubadilishwa.

IIS haiachi pengo katika kubadilisha. Huanzisha mchakato mpya, ombi jipya likaenda huko, na ule wa zamani ukapewa hadi sekunde 90 kumaliza ulichokianza. Tatizo ni kwamba mpya unaingia kazini ukiwa baridi, na aliyebahatika kuwa wa kwanza hungoja. Tena kumbukumbu za nani ameingia, zikiwa zimehifadhiwa ndani ya mchakato wenyewe, hufa pamoja na ule wa zamani. Ndiyo maana wahudumu walitolewa nje.

Dawa ilikuwa kuhamishia badiliko hilo usiku na kuupasha mfumo joto kabla mtu hajafika. Kwa kundi linaloitwa Akiba, amri ni hizi, zikiandikwa kwenye dirisha la msimamizi ndani ya folda ya `C:\Windows\System32\inetsrv`:

```
appcmd set apppool "Akiba" /recycling.periodicRestart.time:00:00:00
appcmd set apppool "Akiba" /+recycling.periodicRestart.schedule.[value='03:00:00']
appcmd set apppool "Akiba" /startMode:AlwaysRunning
appcmd set app "Akiba/" /preloadEnabled:true
```

Ya kwanza inafuta zile saa 29. Ya pili inaweka badiliko moja kila siku saa 9 usiku. Hapa saa ni ya seva yenyewe, si UTC kama kwenye logi, na huandikwa kwa mtindo wa saa 24. Atakayesikia "saa tisa usiku" akaandika 09:00:00 atakuwa ameuzima mfumo saa 3 asubuhi, foleni ikiwa imejaa. Ya tatu inauamuru mchakato uanze bila kungoja ombi. Hiyo peke yake haitoshi, maana mchakato utakuwa macho huku mfumo bado haujapakiwa; ndiyo kazi ya amri ya nne, inayoiambia IIS itume ombi la bandia kwenye ukurasa wa mwanzo ili kazi nzito yote ifanyike usiku. Inahitaji kipengele cha `Application Initialization` kiwe kimesakinishwa kwenye Windows, nacho mara nyingi hakimo. Mipangilio ikionekana sawa na ombi la kwanza bado ni zito, anza kukagua hapo.

Wako wanaoweka programu ya kugonga tovuti kila dakika tano ili isilale. Inasaidia pale ulipokodi nafasi kwenye seva ya mtu na huna ruhusa ya kugusa mipangilio, ingawa haizuii lile badiliko la saa 29. Na kwa wenye seva iliyojaa tovuti nyingi, tangu Windows Server 2012 R2 upo mpangilio wa `Idle Time-out Action`. Ukiutoa kwenye `Terminate` ukauweka `Suspend`, mchakato hauuawi. Kumbukumbu yake huhamishiwa diski, na kuamka kunakuwa kwepesi zaidi kuliko kuanza upya. Kwa chama chetu haukuhitajika.

Jumatatu iliyofuata nilifungua logi nikiwa nyumbani. Ombi la kwanza la keshia liliingia saa 1:29 asubuhi na kujibiwa kwa milisekunde 214. Nawe, kama ofisini kwenu ni yule wa kwanza tu anayeteseka, usianze kwa kununua kifurushi wala RAM. Fungua `Event Viewer`, nenda `System`, tafuta 5186.