Skrini Tupu Kwanza, Maandishi Baadaye

Tangazo linaonyesha simu iliyosimama juu ya meza ya mbao. Mwanga ni mzuri na kivuli kimekaa mahali pake, lakini ukisogeza macho kwenye skrini unakuta vitufe vimeandikwa herufi zisizosomeka, bei ina tarakimu zilizopinda, na nembo ya duka imegeuka mchoro usiojulikana. Picha za namna hii zimejaa mitandaoni tangu programu za akili mnemba zianze kuchora kwa maelezo ya maneno. Mwenye biashara alitaka kuonyesha programu yake ndani ya simu. Badala yake ameonyesha programu ambayo haipo.

Tatizo hili lina sababu inayoweza kupimwa. Tumchukulie muuza kahawa mwenye tovuti ya kupokea oda. Picha ya skrini aliyoipiga kwenye simu yake ina upana wa pikseli 1080 na urefu wa 2400, na maandishi ya bei yana kimo cha pikseli 36 hivi. Akiomba picha ya tangazo yenye upana wa pikseli 1024, simu itakuwa sehemu tu ya picha hiyo, na skrini yake huenda ikapata upana wa pikseli 300. Zile herufi za pikseli 36 zinabaki na kimo cha 10. Sasa, programu kama Stable Diffusion za mwanzo hazichori pikseli mojamoja. Kila eneo la pikseli 8 kwa 8 hubanwa kuwa nukta moja, kazi hufanyika kwenye nukta hizo, kisha picha hukunjuliwa tena. Herufi nzima ya bei inaangukia nukta moja au mbili. Hapo mashine haina nafasi ya kutofautisha 3 na 8, kwa hiyo inachora kitu kinachofanana na maandishi kwa mbali.

Programu mpya zimepiga hatua. Ukiipa neno moja au mawili ya kuandika kwa herufi kubwa, nyingi huyaandika sawasawa. Ila skrini ya duka ina menyu, majina ya bidhaa, bei, vitufe na saa juu kabisa, vyote kwa herufi ndogo. Hata ukiipakia picha halisi ya skrini na kuiomba iiweke ndani ya simu, mara nyingi huichora upya badala ya kuibandika. Hatari yake ni kubwa kuliko ya herufi zilizovurugika, kwa sababu picha inaonekana safi, kumbe 12,000 imekuwa 17,000, au namba ya simu imebadilika tarakimu moja.

Kwa hiyo njia ya uhakika ni kugawa kazi. Mashine ichore simu, meza na mwanga, iache skrini tupu. Maandishi yaingie baadaye kutoka kwenye picha halisi ya skrini. Agizo lenyewe linaweza kuwa hivi, kwa Kiingereza, kwa kuwa programu nyingi zimefunzwa zaidi kwa maelezo ya lugha hiyo:

```
smartphone standing upright on a wooden table
beside a cup of coffee, seen straight from the front,
the screen is one flat matte mid-grey surface,
soft window light from the left
```

Angalia kilichomo na kisichokuwemo. Agizo linaitaja simu, haliitaji programu, tovuti wala duka, kwa sababu maneno hayo mashine imeyazoea pamoja na picha zilizojaa vitufe na maandishi, na itayaleta hata bila kuombwa. Vilevile halisemi kwamba hakuna maandishi. Programu nyingi hushika neno lenyewe na kupuuza ukanusho, hivyo ni heri kusema skrini iweje kuliko kusema isiweje. Ukitumia Midjourney, ukanusho una mahali pake: unaongeza `--no text` mwishoni. Stable Diffusion nayo ina kisanduku maalumu cha mambo yasiyotakiwa.

Rangi ya kijivu imechaguliwa kwa makusudi. Wengi huomba kijani kikali kwa sababu ni rahisi kukikata, lakini mashine hukichukulia kama taa inayowaka na kupaka ukijani kwenye kingo za simu na vidole vya anayeishika. Kijivu kisichong'aa hakimwagi rangi. Kutazama simu kutoka mbele nako kunasaidia, kwani kadiri inavyolala upande ndivyo skrini inavyoelekea kuchorwa na pembe zisizolingana.

Picha ikitoka, pima skrini kabla ya kuendelea. Picha ya muuza kahawa ina urefu mara 2.2 ya upana. Kama skrini iliyochorwa ina urefu mara 1.8 tu, ukilazimisha picha ndani yake nembo ya duara itakuwa yai. Omba nyingine, au kata sehemu ya chini ya picha ya skrini mpaka vipimo vikaribiane. Kama unataka bei isomeke, huu ndio wakati wa kukuza picha mara mbili au tatu. Usisubiri mpaka maandishi yaingie, maana programu za kukuza picha zinazotumia akili mnemba nazo huchora upya herufi ndogo na kuziharibu.

Kubandika kunafanyika kwa GIMP, ambayo ni ya bure. Fungua picha ya simu, kisha leta picha ya skrini kama leya ya juu. Kwa zana ya `Perspective`, vuta pembe zake nne mpaka zikae juu ya pembe nne za skrini ya kijivu. Ifiche leya hiyo kwa muda, rudi kwenye leya ya chini, na uchague eneo la kijivu kwa `Fuzzy Select`, ambayo husimama inapokutana na ukingo wa simu. Rudi leya ya juu, iwashe, uongeze `Layer Mask` inayotokana na uchaguzi huo. Pembe zinakuwa za mviringo kama za simu yenyewe, na kidole kilichopita mbele ya skrini kinabaki mbele. Mwisho punguza mwangaza wa leya hiyo kidogo. Weupe mtupu ndani ya chumba chenye mwanga hafifu ndio unaofanya picha ionekane imebandikwa.

Laptopu hufuata njia hiyo hiyo, ila ina mtego wake. Skrini inaweza kuwa safi huku kibodi ikiwa imejaa herufi za ajabu. Omba kamera iwe karibu na skrini ili kibodi ikatwe nje ya picha, au kibodi iwe na ukungu mbele ya kamera. Picha ya tovuti nayo ipigwe kwenye dirisha lenye umbo la skrini ya laptopu, kwa mfano pikseli 1440 kwa 900. Ukurasa wa simu uliotanuliwa hadi upana huo hujulikana mara moja.

Kabla ya kuchapisha, fungua picha kwa asilimia 100 na usome kila neno ndani ya skrini, kisha ukague yaliyo nje yake: kikombe, kibodi, mgongo wa simu, kitabu kilichoachwa mezani. Mashine hupenda kuchora herufi hata huko. Na picha ya skrini unayobandika iwe ya programu kama ilivyo leo, yenye bei za leo, kwa sababu mteja atakayeifungua atatarajia kukuta alichokiona kwenye tangazo.