Juu ya nini wamama wa Likasi walingoja kura myaka kumi nyuma ya wanaume

Mwezi wa 12 mwaka 1957, wakati Likasi ilikuwa ingali inaitwa Jadotville, wanaume weusi wa muji walienda kupiga kura mara ya kwanza. Uchaguzi ule ulifanyika katika miji mitatu tu ya Kongo ya Wabeleji: Léopoldville, Élisabethville na hapa kwetu. Ulikuwa wa komine: kuchagua washauri, kisha serekali inataja burugumestre. Victor Lundula, yule aliyekuja kuwa jenerali wa jeshi la Kongo mwaka 1960, alikuwa burugumestre huku huku.

Sheria ilisema mupiga kura awe mwanaume mwenye myaka 25 ao zaidi. Haikumuuliza kama anajua kusoma. Mwanaume wa Kamatanda ao wa Kikula asiyejua hata kuandika jina lake aliweza kuchagua. Bibi yake, hata kama alisoma ku mamasera, alibaki nyumbani.

Hapo tuko na kitu cha kuangalia vizuri, sababu watu wengi hufikiri wanamuke walichelewa kupewa kura juu ya kukosa masomo. Masomo walikosa kweli. Sophie Kanza, anayehesabiwa kuwa mwanamuke wa kwanza wa Kongo kumaliza shule ya sekondari, alimaliza mwaka 1961, uhuru umekwisha kufika. Wasichana wengi walifundishwa kushona, kupika na kulea watoto, na wake za watumishi wa makampuni walifundishwa vile vile ku foyer social. Lakini kama masomo ndiyo yalikuwa kipimo, wanaume wengi pia wangebaki inje. Kipimo kilikuwa kingine: kwa Wabeleji, jamaa lilikuwa na kichwa kimoja, naye ni bwana. Yeye ndiye alisemea nyumba yote.

Isipokuwa siku ya kulipa. Katika miji ya Kongo, mwanamuke aliyeishi peke yake bila bwana aliwekwa kwenye liste ya wale «wanaoishi peke yao», na serekali ikamulipisha kodi yake mwenyewe. Kwa kodi, basi, alikuwa mutu muzima. Kwa kura, hapana.

Ili kuelewa mawazo ya Wabeleji, inafaa kuangalia kwao. Wanamuke wote wa Ubeleji walipata kura ya bunge mwaka 1948 tu, na walipiga kura ile mara ya kwanza mwezi wa 6 mwaka 1949. Ni myaka munane tu mbele ya uchaguzi wa Jadotville! Na kuchelewa kule hakukutoka kwa wanamuke. Nyuma ya vita ya kwanza, chama cha Wakatolika kilitaka wanamuke wapige kura, sababu kiliwaza watafuata mapadri. Wasosialisti na waliberali waliwaza vilevile, na ni juu ya hiyo walikataa, hata kama wengine kati yao walikuwa wakihubiri usawa. Wakapatana nusu nusu: wajane wa vita na mama za askari waliokufa wapige kura ya bunge, na wanamuke wote wapige ya komine. Zaidi ya hapo, mwanamuke aliruhusiwa kuchaguliwa bungeni wakati yeye mwenyewe hawezi kuchagua. Marie Spaak-Janson aliingia Senati mwaka 1921, lakini kura ya bunge hakuwa nayo.

Basi kila muntu mukubwa wa siasa alikuwa akihesabu: nikiwafungulia mulango, watanipigia mimi ao yule mwingine? Ukishika swali lile, utaona juu ya nini tarehe za inchi zinaachana sana.

Nouvelle-Zélande ndiyo ilitangulia, mwaka 1893. Kule Kate Sheppard na wenzake, wengi wao wakipigana na pombe iliyokuwa inaharibu majumba, walizunguka na karatasi za kutia sinyatire. Mwaka 1891 walipata karibu 9.000. Mwaka 1892, karibu 20.000. Mwaka 1893, karibu 32.000, na inchi yenyewe ilikuwa ndogo. Wadepite hawakuweza tena kusema wanamuke hawapendi kura.

Uswisi ilienda kinyume. Kule, kubadilisha katiba kunaombwa kwa kura ya wote, na «wote» ilikuwa wanaume. Mwaka 1959 waliulizwa, na karibu wawili juu ya watatu wakajibu hapana. Wanamuke wa Uswisi walingoja mpaka 1971. Inchi ilikuwa tajiri, shule zilikuwa nyingi, lakini ufunguo ulikuwa mukononi mwa wale wale waliokuwa ndani.

Na hapa karibu? Ng'ambo ya mto, ku Brazzaville, Wafaransa waliweka sheria mwaka 1956 iliyopatia wote kura katika makoloni yao ya Afrika, wanaume na wanamuke. Wanamuke wa Brazzaville waliweza kupiga kura wakati wenzao wa Léopoldville walikuwa wanawaangalia tu kutoka ngambo ingine. Ni mto mumoja, na mara nyingi ni jamaa moja, lakini koloni ni mbili.

Mwaka 1960 wanaume wa Kongo wenye myaka 21 walichagua bunge la uhuru. Wanamuke hawakuchagua, lakini walifanya kampeni. Andrée Blouin, mwanamuke aliyezaliwa Oubangui-Chari, alitembea Kwilu na Kwango akikusanya wamama upande wa PSA ya Antoine Gizenga. Walijaa mikutanoni, waliimba, walilipa kadi, kisha siku ya kura mabwana wao ndio waliingia. Vyama vilihitaji sauti zao kwenye mikutano. Kwenye sanduku havikuzihitaji, sababu sheria haikuzihesabu.

Kura ilikuja mwaka 1967, chini ya Mobutu, aliyeshika utawala mwezi wa 11 mwaka 1965. Alihitaji katiba mupya na inchi nzima nyuma yake. Mwezi wa 6 mwaka 1967 wanamuke walipiga kura katika referandum, na matokeo ya serekali yalitoa «ndiyo» zaidi ya 97%. Mwaka mumoja mbele, Sophie Kanza alikuwa amekwisha kutajwa minisitiri. Kama Marie Spaak-Janson, alipata kiti mbele ya kura. Na masomo yake ya juu aliyafanyia Geneva, katika inchi ambayo wanamuke wake walipata kura ya taifa myaka mine nyuma ya Wakongomani.

Lakini kura ile ilikuwa ya namna gani? Mwaka 1970 raisi alichaguliwa kwa karatasi mbili, ya kijani na ya nyekundu. Kijani ilikuwa Mobutu, na nyekundu ilikuwa kumukataa. Hakukuwa mwingine. Hesabu ya serekali ilisema waliokataa ni 157 katika Kongo yote. Mama aliyengoja myaka kumi alipewa kuchagua rangi.

Kuchagua kati ya watu kweli kulimufikia mwaka 2006. Na hata pale, mama aliyetoka kuchagua raisi aliporudi nyumbani alikuta Code de la famille ya 1987, iliyomutaka aombe ruhusa ya bwana mbele ya kufanya mapatano yenye kumufunga kisheria. Kifungu kile kiliondolewa tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2016.