Jina Moja, Anwani Mbili: Data Inapotoka Nje ya Mtandao Pepe Bila Kelele

Ghala la data linalofunguliwa kwenye wingu la Azure, la kampuni ya Microsoft, hupewa jina linalojulikana na intaneti nzima. Ghala likiitwa ghalabima, jina lake kamili huwa ghalabima.blob.core.windows.net, nalo huelekeza kwenye anwani ya umma. Mwenye ghala asiyetaka mafaili yake yapite njia hiyo huliwekea mlango binafsi, unaoonekana kwenye skrini kwa jina la Private Endpoint. Mlango huo huchukua anwani moja ya ndani ya mtandao pepe wa kampuni, kwa mfano 10.20.4.5, na kila kitu kinachotumwa kwenye anwani hiyo hufika kwenye ghala bila kukanyaga nje.

Wengi huamini kazi imeishia hapo. Kumbe programu inayotumia ghala haiijui anwani ya 10.20.4.5, inachojua ni jina. Kabla ya kutuma chochote huiuliza seva ya DNS jina hilo lina anwani gani, kisha huenda kokote inakoelekezwa. Seva ikijibu kwa anwani ya umma, data itatoka nje ya mtandao pepe ingawa mlango binafsi upo, mzima, na umeidhinishwa. Mlango wa umma nao haujifungi wenyewe kwa kuwa wa ndani umewekwa. Unabaki wazi mpaka mtu aufunge, na ndiyo sababu kosa hili halipigi kelele: mafaili yanapanda na kushuka, cheti cha usalama kinakubalika kwa kuwa jina ni lilelile, na hakuna anayelalamika.

Namna majibu hayo mawili yanavyopatikana inafaa kueleweka vizuri. Mlango binafsi ukishaidhinishwa, Microsoft huongeza kiungo kimoja katika mnyororo wa majina wa hadharani. Jina la ghala sasa huelekeza kwenye jina la pili, ghalabima.privatelink.blob.core.windows.net. Anayeuliza kutoka intaneti hupelekwa mbele zaidi, hadi kwenye jina la tatu lenye anwani ya umma. Lakini ndani ya Azure mwenye ghala anaweza kuwa na zoni yake binafsi ya majina, iitwayo privatelink.blob.core.windows.net, yenye rekodi inayosema ghalabima ni 10.20.4.5. Swali likipita mahali penye zoni hiyo, mnyororo hukatwa kwenye jina la pili na jibu la ndani hutolewa.

Mahali penyewe ni seva ya DNS ya Azure, ambayo anwani yake ni 168.63.129.16 kwa mitandao pepe yote, nayo hufikiwa kutoka ndani ya Azure tu. Kila swali linapoifikia, seva hii hutazama limetoka mtandao pepe upi, kisha hutazama kama mtandao huo umeunganishwa na zoni binafsi. Ukiwa umeunganishwa, hutoa anwani ya ndani. Usipokuwa umeunganishwa, hufuata mnyororo wa hadharani kama ambavyo ingefanya seva nyingine yoyote. Kwa hiyo swali moja huamua kila kitu: nani hasa ndiye anayeiuliza 168.63.129.16, na anauliza akiwa kwenye mtandao upi?

Tuchukue mfano wa kampuni ya bima yenye ofisi Dar es Salaam na seva zake katika kituo cha Azure cha Johannesburg, kilichofunguliwa mwaka 2019. Ofisi imeunganishwa na mtandao pepe kwa VPN. Picha za ajali na hati za madai huhifadhiwa ghalabima. Kama ilivyo kwa kampuni nyingi, mtandao pepe haukuachwa utumie DNS ya Azure moja kwa moja. Umeelekezwa kwenye seva ya kampuni yenyewe, 10.20.0.4, kwa sababu seva hiyo ndiyo inayojua majina ya kompyuta za wafanyakazi. Jina isilolijua, seva hiyo hulipeleka kwa 8.8.8.8, seva ya DNS ya hadharani ya Google.

Fundi akiweka mlango binafsi, zoni yake, na kiungo cha zoni na mtandao pepe, kila kitu huonekana sawa kwenye skrini ya Azure. Lakini akiingia kwenye seva ya madai na kuuliza jina, jibu ni la namna hii (anwani ya umma hapa ni ya mfano):

```
> nslookup ghalabima.blob.core.windows.net
Server:   10.20.0.4
Name:     blob.jnb01.store.core.windows.net
Address:  203.0.113.25
Aliases:  ghalabima.blob.core.windows.net
          ghalabima.privatelink.blob.core.windows.net
```

Mstari wa mwisho huwapoteza watu. Wakiliona neno privatelink huridhika kwamba njia ni ya ndani, ilhali neno hilo huonekana hata kwa anayeuliza kutoka mgahawa wa intaneti. Linathibitisha tu kwamba mlango binafsi upo. Mstari wa kutazamwa ni ule wa Address, na hapa unasema 203.0.113.25. Seva ya madai ikitaka kupeleka faili huko, ruta ya mtandao pepe hailioni lengo miongoni mwa anwani za ndani, hivyo hulitoa kwa njia ya jumla ya kwenda nje. Kwa haki ya maelezo, safari kati ya seva iliyo Azure na ghala lililo Azure kwa kawaida hubaki kwenye nyaya za Microsoft. Hata hivyo imetoka nje ya mtandao pepe na kupitia mlango wa umma, na sheria zilizowekwa kulinda njia ya ndani haziigusi. Kwa kompyuta ya ofisini Dar es Salaam hali ni mbaya zaidi: faili haliingii kwenye VPN kabisa, linapita kwa mtoa huduma wa intaneti.

Kutafuta chanzo ni jambo la swali moja la ziada. Kwenye seva hiyohiyo ya madai, fundi huuliza tena jina lilelile, safari hii akiitaja seva ya Azure waziwazi:

```
nslookup ghalabima.blob.core.windows.net 168.63.129.16
```

Jibu likiwa 10.20.4.5, zoni na kiungo chake ni salama, na tatizo liko kwa 10.20.0.4 inayopeleka maswali 8.8.8.8. Jibu likiwa la umma, mtandao huo haukuunganishwa na zoni. Sababu hii ya pili ni ya kawaida sana penye mitandao pepe kadhaa iliyounganishwa pamoja, kwa sababu watu hudhani kiungo cha zoni hurithiwa. Hakirithiwi. Mitandao miwili ikiunganishwa, pakiti hupita kati yake, lakini zoni ya majina iliyofungwa kwa mmoja haijulikani kwa mwingine.

Katika mfano huu jibu ni 10.20.4.5, kwa hiyo kosa ni la seva ya kampuni. Dawa ni kuiambia ipeleke maswali ya blob.core.windows.net kwa 168.63.129.16 badala ya 8.8.8.8. Hapa pana mtego mdogo: inayoandikwa kwenye kanuni ya kupeleka maswali ni zoni ya hadharani, blob.core.windows.net, na ndivyo Microsoft inavyoelekeza. Anayeandika ile yenye privatelink huacha swali la kwanza liende nje, na seva ya nje hufuata mnyororo hadi mwisho na kurudi na anwani ya umma. Tena, mtandao pepe unaopaswa kuunganishwa na zoni ni ule ambamo seva ya 10.20.0.4 inakaa, maana yeye ndiye muulizaji machoni pa Azure.

Ofisi ya Dar es Salaam haiwezi kufanya hivyohivyo, kwa kuwa 168.63.129.16 haifikiki kutoka nje ya Azure, hata kwa VPN. DNS ya ofisini ielekezwe kwa 10.20.0.4, nayo ndiyo iulize. Kampuni isiyo na seva yake ndani ya Azure hutumia huduma iitwayo Azure DNS Private Resolver, ambayo huweka anwani ya ndani ya kupokea maswali ya aina hiyo.

Baada ya marekebisho, majibu ya zamani hubaki kidogo kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na Windows huyasafisha kwa ipconfig /flushdns. Programu iliyokwisha kufungua muunganisho huendelea kuutumia mpaka iufunge, hivyo ni busara kuiwasha upya. Kumbukumbu za ghala nazo husaidia: ombi la ofisini lililopita nje huandikwa na anwani ya umma ya ofisi, na lililopita ndani huandikwa na anwani ya ndani. Kwa seva zilizo Johannesburg pamoja na ghala, ushahidi huo hautoshi, kwa sababu maombi ya kituo kimoja huweza kuonyesha anwani za ndani za Azure hata yanapopita mlango wa umma. Kwa hizo, nslookup ndiyo ya kuaminiwa.

Kuna hali moja inayowafanya mafundi wabomoe walichojenga. Mshirika wa kampuni, tuseme mthamini wa magari, ana ghala lake mwenyewe lenye mlango binafsi wake. Jina lake nalo hupitia privatelink.blob.core.windows.net, na swali linapofika kwenye zoni ya kampuni ya bima, rekodi hakuna. Zoni hujibu kwamba jina halipo, na ghala la mthamini halifikiki tena kutoka ndani. Kwa haraka, mtu huondoa kiungo cha zoni, ghala la mthamini linarudi, na ghalabima inarejea kwenye anwani ya umma kimyakimya. Azure sasa ina chaguo kwenye kiungo cha zoni, liitwalo NxDomainRedirect, linaloruhusu swali lisilo na rekodi lijibiwe na DNS ya hadharani. Linatatua tatizo la mshirika, lakini lina gharama yake: rekodi ya ghalabima ikifutwa kwa bahati mbaya, hapatakuwa na hitilafu ya kumwamsha mtu, data itatoka tu.

Kwa sababu hiyo hatua ya mwisho ni kuufunga mlango wa umma:

```
az storage account update --name ghalabima \
  --resource-group rg-bima \
  --public-network-access Disabled
```

Tangu hapo, jina likielekeza vibaya, ombi hukataliwa kwa jibu la 403, na kosa lililokuwa likijificha hujulikana siku hiyohiyo. Mpangilio wa kazi lakini uheshimiwe: kwanza jina lijibiwe kwa anwani ya ndani kutoka kila mahali linapotumika, seva za Johannesburg na kompyuta za Dar es Salaam, ndipo mlango ufungwe. Anayetangulia kufunga atasimamisha malipo ya madai, na kwa shinikizo la wakubwa atalazimika kuufungua tena.