Si Kila Namba Hujumlishwa

Namba zikishapangwa kwenye jedwali huonekana za aina moja, lakini hazibebi habari sawa. Mwaka 1946 mwanasaikolojia wa Marekani, S. S. Stevens wa Chuo Kikuu cha Harvard, alizigawa katika ngazi nne za upimaji: ya majina, ya mpangilio, ya vipindi na ya uwiano.

Katika ngazi ya majina namba ni kitambulisho tu. Mtafiti akiandika 1 kwa Mwanza, 2 kwa Tanga na 3 kwa Mtwara, anaweza kuhesabu watu wa kila mkoa na kutaja wenye wengi zaidi, basi. Modeli ikipewa namba hizo kama zilivyo itachukulia kuwa Tanga ni kitu cha katikati ya Mwanza na Mtwara. Ndiyo maana mikoa huingizwa kwa safu za 0 na 1.

Ngazi ya mpangilio ndiyo inayopotosha wengi, kwa sababu namba zake zinashawishi kujumlishwa. Katika matokeo ya kidato cha nne Tanzania, A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5, na mwenye pointi chache ndiye bora. Hatua kati ya pointi zinaonekana sawa, ilhali B ni alama 65 hadi 74 na C ni 45 hadi 64. Tuseme mwanafunzi mmoja amepata 75 na 44 katika masomo mawili: A na D, jumla pointi 5. Mwenzake amepata 64 na 64: C mbili, pointi 6. Kwa pointi anaongoza wa kwanza. Kwa alama anaongoza wa pili, 128 kwa 119. Daraja la mwanafunzi wa katikati darasani, kwa upande wake, halibadiliki hata pointi zikibadilishwa, mradi mpangilio ubaki. Zipo pia modeli za mpangilio, ambazo hukadiria uwezekano wa kuvuka kila mpaka wa daraja bila kudai kuwa hatua zinalingana.

Ngazi ya vipindi ina hatua sawa, ila sifuri yake ni ya makubaliano. Saa 4 asubuhi si mara mbili ya saa 2: kwa saa ya Kizungu ni 10 na 8, na uwiano umetoweka. Tofauti ya saa mbili imebaki, kwa hiyo kutoa na kutafuta wastani wa nyakati za asubuhi hiyo ni halali.

Muda wa safari, uzito na bei viko kwenye ngazi ya uwiano, ambako sifuri ni kutokuwepo kabisa. Safari ya saa 4 ni mara mbili ya ile ya saa 2, hata ikipimwa kwa dakika. Hapo ndipo asilimia ya ongezeko na modeli za kuzidisha zinapopata maana.