Mzigo wa Anayesikiliza Watoto Walioumizwa

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini yuko mtu ambaye mzigo wa mwenzio humlemea kama wake. Ni yule muuguzi au afisa wa kliniki anayempokea mtoto aliyenajisiwa.

Mimi ni mshauri nasaha, mzaliwa wa Pwani, na nimefanya kazi Magunga, kule Suba Kusini katika kaunti ya Homa Bay. Niliyoyaona huko hayana tofauti na ya Kwale au Kilifi. Mfano nitakaoutoa nimeuunganisha kutokana na visa kadhaa, ili asitambulike mtu.

Mtoto wa miaka minane analetwa na nyanyake. Afisa wa kliniki anajua saa zinakwenda, kwani dawa za PEP za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, kisha zimezwe siku 28. Anamsikiliza mtoto, anampima, anajaza fomu ya PRC: nani, wapi, lini, kulitokea nini. Polisi wakileta fomu ya P3, anayaandika tena. Mtoto anarudi kliniki mara kadhaa. Miezi ikipita, afisa anaitwa kortini kuyaeleza yote upya. Kwa hivyo tukio moja analipitia mara nne au tano, na kesho yake amekuja mtoto mwingine.

Baada ya muda anaanza kubadilika. Akimwogesha bintiye, picha ya yule mtoto inamjia. Hataki tena shemejiye ampeleke binti shule, ingawa shemeji hana kosa. Kazini anauliza maswali machache, maana hataki kusikia majibu. Hapo ndipo hatari ilipo: fomu inabaki na mapengo, wakili wa mshtakiwa anayaona, na mtoto anaweza kukosa haki yake.

Mnamo 1990, wanasaikolojia McCann na Pearlman walieleza hali hii: kiwewe cha yule asiyetendwa bali aliyesikia. Watu huichanganya na uchovu wa kazi, ambao Shirika la Afya Duniani liliufafanua 2019 kuwa matokeo ya shinikizo la kazini lisilodhibitiwa. Aliyechoka kazi nguvu zimemwishia, ameichukia kazi, na anaona hafanyi la maana. Mwenye kiwewe cha kusikia, kilichoguswa ni imani yake kwa watu na usalama wa dunia. Njia moja ya kupambanua ni likizo. Wa kwanza, akipumzika na kupunguziwa zamu, mara nyingi hupata nafuu. Wa pili huenda nazo picha mpaka kwao, na mtu anaweza kuwa na yote mawili.

Lifaalo kwanza ni kuchunga namna ya kusimuliana. Wenzetu wa kazi hupenda kumwagiana yote wakati wa chai, hata yale mambo ya kutisha. Muulize mwenzio kwanza kama yuko tayari, kisha sema lililokugusa wewe bila kueleza jeraha lenyewe. "Leo nimempokea mtoto, nimetetemeka" inatosha. Mambo yenyewe yakae kwenye fomu, na faili isisomwe nyumbani usiku.

Pili, zamu. Kituo kidogo kikiwa na wawili waliofunzwa, wapokezane: huyu ashike mtoto wa leo hadi mwisho, yule amshike wa kesho. Msigawane mtoto mmoja, maana atalazimika kusimulia mara mbili. Akishatoka, jipe dakika kumi kabla ya mgonjwa mwingine. Nawa uso, tembea uani, panga dawa. Mikono ipate kazi nyingine.

Tatu, saa moja kila wiki au mbili na mshauri asiye bosi wako. Magunga ni mji mdogo. Sokoni unakutana na mama wa mtoto, pengine na mshukiwa mwenyewe. Kwa hivyo mshauri wa mbali, hata kwa simu, ana faida yake, na jina la mtoto halina haja ya kutajwa.

Nne, fuatilia na mazuri. Mtoto akimaliza siku zake 28, nenda umwone, hata kama si zamu yako. Ukimwona mara moja tu, akilini mwako atabaki vile vile alivyoletwa. Ukimwona amerudi darasani, utakuwa na picha ya pili.

Tabia hizi haziongezi wauguzi wala hazipunguzi foleni. Hilo ni jukumu la kaunti. Na picha zikikurudia au usingizi ukipotea zaidi ya mwezi mmoja, usijitibu kwa ukimya wala kwa pombe. Huo ni ugonjwa unaotibika, nenda kwa mtaalamu wa afya ya akili kama vile ambavyo ungempeleka mgonjwa wako.